Baraza Niliyowajengea Mchwa

Nyumba yangu ya Mapinga ilijengwa kwa hofu ya mchwa, na hofu hiyo ilikuwa ya marehemu mke wangu. Alikulia Bagamoyo katika nyumba ya udongo ambayo paa lake liliwaangukia kwa kuliwa. Tulipofikia hatua ya kumwaga jamvi la sakafu, alisimamisha kazi mpaka kifusi ndani ya msingi kishindiliwe, kinyunyiziwe dawa ya mchwa kila mahali, kisha ndipo itandikwe nailoni na kumwagwa zege. Juu ya ukuta wa msingi tuliweka ukanda wa bati, kingo zake zimekunjwa kuelekea chini. Fundi alitueleza kwamba bati halimuui mchwa. Linamlazimisha atoke nje na kujenga njia yake ya udongo mahali ambapo jicho linaiona.

"Kwa hiyo msingi uachwe wazi," akasema. "Msirundike kitu ukutani. Na dawa nayo huisha nguvu miaka inavyokwenda. Udongo ukichimbwa, pale kinga imekwisha, mnatia upya."

Mke wangu alikuwa akiuzunguka msingi na ufagio mkononi, akiinama kutafuta njia za mchwa. Mimi nilimcheka. Alipofariki sikuinama hata mara moja.

Majirani zangu ni watu wa kazi za Dar. Wanaondoka kabla ya jua, wanarudi gizani, na geti linafungwa. Nilikuwa naweza kumaliza siku nzima bila kuitikia salamu. Nikajiambia nyumba ya pwani isiyo na baraza watu watakaaje? Nikajenga ya kwangu, ndefu, imeegemea ukuta wa mbele pande zote mbili za mlango. Kuipatia mguu wa kusimamia nilichimba kando ya msingi, udongo wenye dawa nikautupa bondeni. Katikati nikajaza kifusi cha shambani pamoja na mizizi yake na vipande vya mbao vilivyobaki. Nikaipiga lipu, nikaisakafia. Ilipita juu ya lile bati kwa zaidi ya shubiri moja. Nilikuwa nakumbuka kabisa maneno ya fundi. Nilidhani yanahusu takataka, si baraza.

Walikaa watu siku ya kwanza, nilipowapikia kahawa. Baada ya hapo nilikaa peke yangu.

Mwaka huu, baada ya mvua za masika, nilisukuma mlango na fremu ikabonyea chini ya kidole changu kama mkate. Nilipompigia binti yangu aliyeolewa Tanga, hakunilaumu.

"Baba, iache hiyo nyumba. Njoo ukae na wajukuu zako."

"Niiache vipi? Mama yako amefia humu."

"Basi tafuta mtu aiangalie. Akisema imeliwa paa, nakuja kukuchukua mwenyewe."

Nikaogopa zaidi ya nilivyoogopa msiba. Mtu wa dawa ya mchwa alikuja na kijana mmoja. Akagonga fremu kwa mpini wa bisibisi, akapanda darini, akashuka amejaa vumbi.

"Shikamoo tena, mzee," akasema akicheka. "Kenchi moja ya paa imeguswa mwanzoni tu. Inabadilishwa. Paa lako ni zima."

Nilikaa kwenye baraza. Akanitazama.

"Hapo hapo ulipokaa ndipo wanapopitia. Umewajengea ngazi yenye kivuli."

"Huwezi kupiga dawa ukaiacha baraza?"

"Naweza, nikakudanganya. Wataendelea kupita ndani nisikoona. Ivunjwe, mzee wangu, au ufungashe mizigo."

Nikasema ivunjwe. Ndani ya kifusi mbao zangu zilikuwa maganda matupu. Walichimba mfereji kando ya msingi, wakaujaza dawa iliyochanganywa na maji, na udongo waliourudisha wakautia dawa pia, tabaka kwa tabaka. Ndani walitoboa sakafu kwa kufuata ukuta, wakamimina dawa, wakaziba matundu kwa saruji. Kisima cha jirani kiko mbali, lakini mtu wa dawa alikwenda kwanza kukiangalia.

"Nikujengee nyingine mbali na ukuta?" akauliza walipokuwa wakikusanya mabomba. "Ukiacha uwazi wa kupita mtu, haina ubaya."

Nilitazama barabara yetu. Mageti yote yalikuwa yamefungwa.

"Hapana. Aikalie nani?"

Jioni binti yangu akapiga.

"Wamesemaje?"

"Paa ni zima. Nabaki."

"Na nani yuko hapo na wewe, baba?"

Nilimwambia mafundi bado wapo, wanaosha vyombo vyao. Walikuwa wameondoka tangu alasiri. Nilipokata simu nilichukua ufagio, nikauzunguka msingi mzima nikiinama, upande wa mbele hadi wa nyuma, na mgongo ukaniuma.