Miezi Sabini na Minne

Alipoajiriwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, alirithi vitu vya marehemu aliyeishika kazi hiyo kabla yake: kigoda chenye mguu uliofungwa kamba, aproni, na kabati la chuma lenye kovu la kufuli la zamani. Marehemu waliwahi kumwita Bi Sindano, maana hakuna shuka lililomshinda kulitia kiraka. Mrithi wake wakamwita Bi Pasi. Alikikalia kigoda kile miaka sita na miezi miwili bila kujua kwamba amerithi na kitu kingine.

Alikijua alipobakiza mwezi mmoja kustaafu. Alikwenda mfuko wa pensheni kuomba taarifa ya michango yake. Mstari wa mwisho ulikuwa wa shule ya bweni alikopika zamani. Miezi mia moja na tisa, kisha weupe wa karatasi. Ili apate pensheni ya kila mwezi alihitaji miezi mia na themanini. Chini ya hapo angelipwa mara moja tu, basi.

Karani wa dirishani alilinganisha kadi yake ya uanachama na karatasi ya mshahara. "Mwajiri wako analeta, mama. Ila tazama, namba ni mbili tofauti. Mchango wako unaingia kwa mtu mwingine."

"Mtu gani?"

"Hilo siwezi kukwambia. Anzia kwa wanaokulipa mshahara. Waandike barua ya masahihisho, wataje mwezi kwa mwezi. Hatuhamishi kitu kwa neno la mwanachama peke yake."

Njiani alisubiri hasira ije. Haikuja. Ilikuwa kama mkono ulioungua na pasi zamani: unauona, unajua ni wako, basi.

Kesho yake alibisha mlango wa kitengo cha mishahara. Mhasibu alikuwa na miwani mbili, moja machoni, nyingine kichwani.

"Bi Pasi! Umekuja kutuaga? Mbona mikono mitupu?"

"Nimekuja kuuliza hii namba ni ya nani."

"Ya kwako. Mashine haikosei, mama, tunakosea sisi."

Akaweka kadi mezani. Mhasibu akaitazama, akaitazama skrini, kisha akainuka na kuvuta faili moja kuukuu kabatini. Alipolifunga, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ni ya Bi Sindano."

Bi Pasi akavuta kiti, akakaa.

"Mwezi ule nilikuwa na wapya kumi na wawili, na mshahara unatoka kesho yake. Sikukufungulia ukurasa mpya. Nilichukua wa marehemu, nikafuta jina, nikaandika lako. Nikabadilisha tarehe ya kuzaliwa, nikabadilisha benki..."

"Na namba?"

"Namba nikaisahau."

"Kwa hiyo Bi Sindano bado anafanya kazi."

"Kwenye kumbukumbu zao, ndiyo. Hajakosa hata mwezi mmoja."

"Basi kumbe huyo ndiye mfanyakazi bora!" akadakia mpokea barua kutoka meza ya pembeni. Alipoona hakuna aliyecheka, akarudi kwenye bahasha zake.

Mhasibu alibadilisha namba palepale, kuanzia mshahara wa mwezi ule. Ya nyuma, alisema, hayakuwa mikononi mwake. Akachapa orodha ya miezi sabini na minne, akaandika barua kukiri kosa ni la ofisi, akaipeleka kusainiwa na kupigwa muhuri.

"Utanisamehe, mama yangu?"

"Hebu nipe barua kwanza."

Karatasi za mshahara alizitunza zote ndani ya foronya yenye kiraka. Alipozimwaga mezani ili zitolewe nakala, aliitambua mishono: midogo, iliyobanana. Ya Bi Sindano.

Mfuko ulipokea barua, orodha na nakala, ukamgongea muhuri wa kupokelewa. Asubiri. Alistaafu akiwa bado anasubiri. Siku ya mwisho alimpitia binti wa marehemu, anayeshona nguo mkabala na geti la hospitali.

"Mwanangu, mliwahi kudai mafao ya mama yenu?"

"Mafao gani, shangazi? Tuliambiwa alikuwa na miaka michache, tusijisumbue."

"Michango yake mwenyewe bado ipo. Yangu ndiyo inayotolewa. Nenda na cheti cha kifo, uwaulize."

Binti alisimamisha cherehani. "Wewe umejuaje?"

"Tulikuwa tunatumia namba moja."

Wiki ya saba ya kusubiri akapewa taarifa mpya. Miezi mia na themanini na minne, pamoja na ule wa mwisho. Karani akampongeza. Bi Pasi alikaa kwenye benchi, akapitisha kidole juu ya mistari iliyorudi, mmoja baada ya mwingine, akijaribu kukumbuka alifanya nini katika kila mwezi. Mwezi wa kwanza, mashuka. Wa pili, mashuka. Alipofika wa ishirini na tatu watu walikuwa wanamwomba asogee kidogo, nao wakae.

Akasogea.