Kiswahili cha Matonya

Matonya wa Chamwino aliachishwa upagazi tarehe 4 Machi 1911, baada ya miaka miwili ya kumbebea mizigo Mjerumani aliyekuwa akipima njia ya reli. Alirudi nyumbani na sifa moja: anajua Kiswahili.

Kwa sifa hiyo Mzee Sostenes alimchukua kwenda naye Morogoro, kumwona mwanawe aliyefanya kazi huko shambani. Mzee alizungumza Kigogo tu. Matonya alikuwa amemposa binti wa mzee huyo, Ruthu. Safari ikienda vizuri, siku ya harusi ingepangwa.

Dodoma, karibu na stesheni, waliingia kwenye banda la chakula la Sikudhani. Matonya alipaza sauti.

"Wewe! Lete chakula! Upesi!"

Watu waliacha kutafuna.

"Karibu, Bwana Mkubwa," alisema Sikudhani. "Kiti chako na mwavuli umewaachia wapagazi?"

Banda zima lilicheka. Muuza nguo wa jirani, Amiri, alichungulia. "Mpigie saluti, mama, asije akakufunga!"

"Rudi mlangoni, mwanangu," alisema Sikudhani. "Mimi ni sawa na mama yako. Sema: Shikamoo, mama. Naomba ugali na mlenda, sahani mbili. Ukishiba: Ahsante, ni kiasi gani?"

Matonya aliyarudia maneno hayo, macho yakiwa chini. Mzee Sostenes alisikiliza akiyafuatisha kwa midomo.

Walipokuwa wakila, mzee aliuliza kwa Kigogo, "Mbona walikucheka?"

Matonya alikaa na tonge mkononi.

"Nilimsemesha kama yule bwana Mjerumani alivyokuwa akinisemesha mimi, baba. Sijui Kiswahili kingine."

Mzee alinawa, akamgeukia Sikudhani. "Ahsante, mama. Ni kiasi gani?"

Kwa Amiri walitaka blanketi la kumpelekea mwana wa mzee kule Morogoro. Matonya alisimama nyuma, ulimi umemganda. Mzee alisikia mteja mwingine akisema, akasema vivyo hivyo: "Hili unauzaje?" Amiri alipotaja rupia tatu, mzee akaongeza, pia kwa maneno ya yule mteja, "Nipunguzie, ndugu yangu." Akapunguziwa.

Dirishani stesheni, Matonya alijaribu. Neno la kwanza lililomtoka lilikuwa "Lete". Karani aliinua kichwa. Matonya alifumba mdomo.

Mzee, aliyekuwa amewasikiliza wasafiri waliotangulia dirishani, alimsogeza kando taratibu.

"Habari za kazi, bwana. Naomba tiketi moja ya Morogoro. Gari linaondoka saa ngapi?"

"Saa nane," alisema karani. "Moja tu?"

Mzee aliinua kidole kimoja.

Matonya alimbebea blanketi hadi kwenye behewa, kazi aliyoijua. Mzee alilipokea.

"Ahsante," alimwambia kwa Kiswahili.

Gari liliondoka. Matonya atarudi Chamwino peke yake kwa miguu, na atamweleza Ruthu kwa nini siku ya harusi haijapangwa.