Mlango Mfupi wa Mangarivotra

Nilipokuwa na studio ya picha Mahajanga, bibi harusi mmoja aliniletea picha mbili. Katika ya kwanza alisimama na mumewe mbele ya nyumba ya ukoo wa mume, mtaa wa Mangarivotra. Ya pili ilikuwa ya baba yake peke yake, wima, iliyopigwa kwao Ambatoloaka, kisiwani Nosy Be. Mzee alikosa harusi kwa homa. Ijumaa angekuja, na binti alitaka ajikute ukutani, amesimama kando yake.

"Asionekane kabandikwa, fundi," alisema kwa Kimalagasi.

"Hata yeye ataamini alikuwepo," nikamjibu.

Ili kumpa mzee kimo kinachofaa, nilitafuta kwenye picha kitu ninachojua urefu wake. Nikauona mlango nyuma ya maharusi. Mlango ni mita mbili, nikajiambia, bila kuinuka kitini. Nikampunguza mzee kwenye kompyuta mpaka kofia yake ikawa chini kidogo ya kizingiti cha juu, nikamtilia kivuli, nikachapa.

Binti alikuja na mama yake. Mama aliitazama picha, akanitazama mimi.

"Huyu ni mume wangu, au mtoto wa kushika maua?"

Kofia ya mzee ilikuwa imeishia begani mwa binti.

Ile nyumba husemwa ni ya zama za wafalme wa Boina, watawala wa kale wa pwani yetu, na mlango wake ulijengwa mfupi makusudi, anayeingia ainame kwa adabu. Nilijua. Siku ya karamu ya harusi niliugonga kwa kipaji cha uso, watu wakacheka. Tena maharusi walisimama mbali mbele ya mlango, karibu na kamera, na kilicho karibu huonekana kikubwa. Nilipaswa kumpima mzee kwa mtu aliyesimama mstari mmoja naye.

"Mwanangu, ukisimama na baba unamfikia wapi?"

"Sikioni."

"Ukiwa peku," mama akamdakia. "Siku ile ulivaa visigino. Ungemfikia kwenye nyusi."

Nikaweka nyayo za mzee usawa wa nyayo za binti, nikamkuza mpaka utosi wa binti ukafika kwenye nyusi zake. Akawa baba.

Ijumaa, katika nyumba ile, mzee aliikagua picha, kisha akamwita mkwewe.

"Umenipita?"

"Kidogo, baba."

"Fundi, mvue huyu viatu."

"Siwezi, mzee. Ndivyo alivyosimama."

Akamsogelea binti, akajipima kwake, akainua visigino vyake kidogo. Mkewe akakohoa. Akavishusha.

"Basi ndiye mimi," akasema.

Alikataa kiti, akaitundika picha mwenyewe, pale mkono wake ulipofika bila kujinyoosha, chini ya usawa wa macho ya watu. Tangu hapo mgeni wa nyumba ile huinama mara mbili, mlangoni na mbele ya mzee wa ukutani.