Kidosho na Walishaji Wake Wawili

Mwero Ngala aliajiriwa katika hoteli moja ya Galu tarehe 1 Februari 1966, akiwa mtunza bustani wake wa kwanza. Miaka miwili baadaye alimtoa kobe wa maji katika mfereji wa mashamba ya miwa ya Ramisi, akamtia katika bwawa la saruji mbele ya mapokezi. Alimwita Kidosho. Kobe wa aina hiyo akishikwa hutoa harufu mbaya. Akishikwa na Mwero hakuitoa, na Mwero alilisema jambo hilo hata kwa watu ambao hawakumwuliza.

Januari mwaka 1974 hoteli ilimwajiri mtunza bustani wa pili, Muthoka, kijana wa Kikamba ambaye wazazi wake wanalima Shimba Hills. Kabla wiki haijaisha, Mwero alimkuta Kidosho akiogelea kumfuata Muthoka upande wa jikoni, kisha kobe akapanda jiwe lake la kuotea jua, akanyoosha shingo.

"Amenizoea, Mzee Mwero."

"Amekizoea kilichomo mkononi mwako."

Kilikuwa kipande cha nyama. Tangu siku hiyo Mwero alikuja kazini na matumbo ya samaki yaliyofungwa katika jani la mgomba, akamlisha Kidosho kabla Muthoka hajafika. Muthoka naye alimlisha kobe wakati Mwero akienda kuswali adhuhuri. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Mabaki yalizama yakaoza, maji yakawa ya kijani, na kuta zikafanya utelezi.

Kwa kuwa Muthoka alipenda kula chakula chake cha mchana karibu na lile jiwe, Mwero aliling'oa akalitupa nyuma ya banda la majembe. Kidosho hakuwa tena na mahali pa kujikausha. Kisha Mwero akaanza kumsugua gamba kwa makumbi ya nazi na mchanga, kama wanavyosugua masufuria kijijini kwao Waa, ili wageni waulize ni nani aliyemng'arisha hivyo.

Kanze, mkewe, alizipata habari hizo. "Miaka ishirini mgongo wangu hujausugua hata mara moja," alimwambia. "Ningejua, ningezaliwa na gamba."

Mwezi wa Mei Kidosho aliacha kula. Chini ya tumbo gamba lilikuwa na mabaka meupe yenye manjano, mengine laini, na moja lilikuwa limechimbika na kunuka. Mwero aliwaambia wapishi kwamba Muthoka amemlisha sumu. Meneja akampigia simu daktari wa mifugo wa Kwale.

Daktari Kahindi alifika na mkoba anaoutumia kwa ng'ombe. "Shikamoo, mzee," alimwambia Mwero, kisha akapiga magoti, akachota maji ya bwawa kwa kiganja, akayanusa.

"Nani humlisha?"

"Mimi," alisema Mwero.

"Mimi," alisema Muthoka.

Walitazamana.

"Basi analishwa na wawili na bwawa halisafishwi na mtu. Na hii mikwaruzo mgongoni mpaka tumboni?"

Mwero alieleza. Daktari hakumkemea. Alisema gamba ni kitu hai. Likikwaruzwa, vijidudu vya maji machafu hupata mlango, na lisipokauka juani huendelea kuoza, mpaka vidonda vifike kwenye mfupa na ugonjwa uingie damuni. Hapo kobe hufa.

Alimdunga Kidosho ganzi kuzunguka kidonda, akakwangua sehemu iliyooza kwa kisu kidogo mpaka akafika penye uzima, akaosha kwa maji safi ya chumvi, akapaka iodini iliyozimuliwa. Akamchoma sindano ya kloramfenikoli, dawa ya kuua vijidudu, katika mguu wa mbele. Aliagiza kobe akae katika sanduku kavu lenye joto, atiwe kwenye maji safi ya kina kifupi muda mdogo tu kila siku ili anywe na ale, kisha akaushwe na kupakwa dawa.

"Dawa ataishika mtu mmoja," alisema. "Muthoka. Wewe, mzee, utalikausha bwawa, utalisugua, na utalirudisha jiwe."

"Kobe ni wangu."

"Ndiyo. Na bwawa ni lako."

Kwa majuma mengi Mwero alipita mbele ya lile sanduku bila kugeuza shingo. Lakini bwawa alilisafisha hadi pembeni, na hakumruhusu mtu mwingine ashike brashi. Siku moja Muthoka alimwita amshikilie Kidosho wakati wa kupaka dawa. Kobe akatoa ile harufu, mikononi mwa Mwero.

"Ni dawa inayomwudhi, mzee," alisema Muthoka.

Mwero alikwenda kuosha mikono.

Sasa vidonda vimekauka, gamba gumu linaota chini, na kovu litabaki. Daktari Kahindi amekubali Kidosho arudi majini Jumatatu. Wawili hao wamekubaliana: Muthoka atambeba. Mwero atafungulia maji, na kuanzia siku hiyo ndiye peke yake atakayemlisha. Muthoka atatoa mabaki.