Kuni za Juu ya Uchaga

Kila mara kabla ya kuwasha moto, Mama aligonga kuni mbili pamoja na kusikiliza. Zilizokauka zililia ko! ko! Zenye maji zilitoa mlio mzito, naye akazirudisha kwenye uchaga, kichanja cha miti juu ya meko yetu pale Kitengela, zikaushwe na joto.

Mimi sikuwa na subira hiyo. Jumamosi moja, baada ya wiki nzima ya mvua, Mama alienda sokoni Kajiado. Nikapika githeri, mahindi na maharagwe, kwa kuni zilizolowa uani, ili nimbakizie zile kavu. Aliporudi, moshi ulikuwa umejaa jikoni, nami nalia machozi, na mahindi bado ni mawe.

"Moto wako umeupa sufuria mbili!" akafoka. "Kwanza unachemsha maji yaliyo ndani ya kuni, na joto linaishia hapo. Halafu ule mvuke wa kuni unaopaswa kushika moto unakosa joto la kutosha, unatoka bila kuungua. Huo ndio moshi. Unatupa kuni dirishani!"

Nilinuna. Si nilikuwa nimemwekea yeye?

Siku hizi napikia gesi. Mwezi mmoja baada ya kumzika Mama, niliingia jikoni kwake. Kuni alizozipanga mwenyewe bado zilikuwa kwenye uchaga. Niligonga mbili, zikalia vizuri kabisa.

Nikazirudisha juu. Bado namwekea.