Mpunga wa Likizo Mbili

Walimu wenzangu hapa Ifakara hawajui kutafuta hela ya pembeni. Nasema hivyo bila kumumunya maneno, maana nimekaa nao ofisini miaka kumi na moja nikisikiliza upuuzi wao. Mmoja alifuga kuku wa mayai. Likizoni aliwalisha mwenyewe, shule zilipofunguliwa akamwachia jirani, na jirani akawalisha pale alipokumbuka. Mwingine, wa sayansi tena, alilima heka tatu kule kijijini Mbingu kwa simu. Magugu yalipoota yeye yuko darasani. Ndege walipoushukia mpunga yeye anasimamia mitihani, huku akipiga simu kuuliza kama ndege wameondoka!

Nilimdharau kabisa. Mwalimu ana likizo mbili ndefu, ya Juni na ya Desemba, na katikati hana hata muda wa kujikuna. Biashara yake lazima imsubiri. Mimi niliiona hiyo biashara: Juni wakulima wanavuna, mpunga uko bei ya chini, nanunua, Desemba bei imepanda, nakoboa, nauza. Katikati mpunga hauli, haunywi, haupaliliwi.

Mtaji ulikuwa fedha ya mabati. Kuta za nyumba yangu zilikuwa zimesimama Kibaoni, wazi juu, na mimi na mama tulikuwa tumepanga vyumba viwili. Mama alikuwa na ombi moja tu maishani, alale chini ya bati la mwanawe kabla hajafa. Nilimwahidi kwamba Januari atahama.

Juni nikaenda Mchombe. Nilimkuta mama mmoja mkulima, rika la mama yangu, akigeuza mpunga kwenye turubai kwa mguu.

"Shikamoo mama. Nachukua wote."

"Marahaba mwanangu. Huu usiuchukue leo, bado mbichi." Akatia punje mdomoni, akaing'ata. "Ukikauka unalia. Huu haulii. Nipe siku nne za jua."

Siku nne! Nilijua hila zake. Siku nne bei ingepanda, wanunuzi wangejaa, na mimi likizo ilikuwa inaniishia. Nikamwambia sikuja kufundishwa, nikalipa, nikapakia magunia ishirini kwenye Fuso.

"Basi ukifika uuanike mwenyewe, mwalimu," alisema.

Sikuuanika. Nichutame nje nageuza mpunga, wanafunzi wangu wanapita wananitazama? Nilipanga magunia hadi karibu na dari katika chumba cha mama, kilikuwa kikubwa kuliko changu, na usiku ule nilimsimulia habari za yule mkulima na ung'ataji wake wa punje. Nilicheka peke yangu.

Mwezi wa nane nilikuwa nimezama kwenye madaftari ya darasa la saba, mtihani wa taifa unakaribia. Mama akaja akasimama mlangoni.

"Mwanangu, nimeingiza mkono katikati ya magunia. Kuna joto."

"Mama, Ifakara yote ina joto."

"Na panatoa harufu. Tuyatoe Jumamosi tuanike."

"Jumamosi nina masomo ya ziada." Sikuinua hata kichwa. Mama hakumaliza darasa la nne, angeniambia nini? Aliondoka, na kuanzia siku ile akawa analala dirisha wazi pamoja na mbu wote wa bonde.

Desemba nikakodi guta, nikapeleka magunia mashineni. Fundi alichoma gunia la kwanza kwa bambo, kile chuma chenye mfereji cha kuchotea sampuli, akamimina kiganjani. Punje zilikuwa zimegandamana. Akachoma la pili na la tatu, akanusa, akanitazama kwa huruma ambayo sikumwomba. Tulipokoboa gunia moja la kujaribu, ulitoka mchele wa njano, nusu yake chenga, unanuka uvundo. Wanunuzi waliushika na kuurudisha. Mwishoni aliuchukua mfuga nguruwe, kwa bei ambayo hata haikurudisha nauli ya Fuso, na aliniambia nishukuru.

Nilirudi nyumbani nimevimba. Mama alikuwa barazani anachambua matembele.

"Yule mama wa Mchombe ni tapeli," nikasema. "Kaniuzia mpunga mbichi."

Mama alitupa bua, akaweka majani kwenye ungo.

"Hakukutapeli," alisema. "Alikukatalia. Ulinisimulia mwenyewe, ukicheka. Na joto nilikuambia mimi."

Ile dharau yote niliyowagawia wenzangu kwa miaka kumi na moja ilinirudia mwenyewe, na nikaona aibu mbele ya mama kuliko nilivyowahi kuona mbele ya mtu yeyote. Aliinuka na ungo wake, akajishika kiuno.

"Kesho kamwone mwenye nyumba," alisema. "Mwambie tunaongeza miezi sita."