Sauti Moja ya Duka la Mikate

Nilipostaafu utumishi wa serikali, ambako kazi yangu ilikuwa kusimamia barua za ofisi, nilikubali kibarua katika duka la mikate lililo karibu na stesheni ya Kamina. Sikuitwa kukanda unga. Niliitwa kujibu watu.

Duka lilikuwa na akaunti moja ya ujumbe wa simu. Wateja, hasa wake za askari wanaoishi kambini, mbali na mji, waliagiza mikate kwa njia hiyo. Tulioitumia tulikuwa watatu. Mtunza kasha la fedha, mwanamke aliyezaliwa Kabongo, alishika simu yenyewe pale kaunta. Mkwe wa mwenye duka, mwanaume aliyesimamia mauzo sokoni, aliunganisha simu yake na akaunti hiyo. Mimi nilikaa chumba cha nyuma, mbele ya kompyuta iliyounganishwa vilevile. Mteja hakuweza kujua ni nani kati yetu anayemwandikia. Machoni pake kulikuwa na jina moja, la duka, na picha ya mkate.

Hapo mwanzo kila mtu aliandika alivyozoea. Mtunza kasha aliuliza habari za watoto kabla ya kutaja mkate. Mkwe alitania na kutia Kifaransa cha vijana, kila mwanaume akimwita "chef", yaani bosi. Mimi niliandika kama nilivyofundishwa, kwa heshima na kwa ukamilifu. Mzee mmoja wa reli alifika kaunta akiwa amekunja uso.

"Asubui munaniita papa. Saa sita munaniita chef. Mangaribi munaniita mheshimiwa," alisema. "Minyi iko nani kwenu? Ao mukate iko na wazimu?"

Tulicheka, lakini mwenye duka hakucheka. Alituita sote na kusema kwamba duka lazima liwe na sauti moja. Nilikubaliana naye kabisa, na hata leo nasema hakukosea. Ofisi inayojibu kwa midomo mitatu haiaminiwi na mtu.

Nikapewa kazi ya kuandika mwongozo. Nilisoma majibu yetu ya nyuma na kuona kwamba wateja waliridhika zaidi walipojibiwa na mtunza kasha, kwa hiyo sauti yake ndiyo niliyoifanya ya wote. Mwongozo ulitoshea karatasi moja, nikaubandika ukutani. Salamu kwanza, kwa "mama" au "papa". Swali la nyumbani kabla ya swali la biashara. Sentensi fupi, Kiswahili cha hapa kwetu. Pole itangulie maelezo. Kusiahidiwe saa ya mkate kufika kabla ya kuuliza tanurini. Majibu ya kila siku tuliyahifadhi kwenye akaunti ili kila mmoja ayatume bila kuyabadilisha. Mwenye duka akaongeza sharti lake: asitume mtu ujumbe wa kurekodi, maana sauti ya koo ingefichua kwamba tuko wengi.

Niliomba jambo moja. Katika ofisi niliyotumikia, barua ilitoka kwa jina la ofisi, lakini aliyeiandika alijulikana. Nikapendekeza kila jibu limalizike kwa herufi ya mwandishi.

"Papa, ile ni mambo ya bureau," mwenye duka alinijibu. "Mu duka ya mikate hakuna bantu batatu. Iko sauti moja."

Pendekezo langu nililitoa mbele ya wote, na wote walinisikia.

Kazi ilikwenda vizuri kuliko nilivyotazamia. Malalamiko yalipungua. Mkwe alijifunza kuuliza habari za watoto, na hata mimi, baada ya kung'ang'ana, niliweza kuandika "mama, umeamka aje?" bila kuona haya.

Kambini kulikuwa na mama mmoja, mke wa sajini, aliyekusanya maagizo ya wenzake. Aliwahi kufika dukani mara moja, akamwona mtunza kasha, wakapendana papo hapo. Tangu siku ile aliamini kwamba kila neno la akaunti latoka kwake. Alimwita "yaya", yaani dada mkubwa. Chini ya maagizo alianza kuandika mambo mengine: mume aliyetumwa mbali, mashemeji wasiomtaka. Mtunza kasha alimjibu kwa upole, kisha akatuambia, "Ujumbe yake muniachie minyi." Tukamwachia.

Ndipo mama mzazi wa mtunza kasha akafariki, naye akapanda gari kwenda Kabongo kwenye matanga. Simu ya kaunta ikabaki kwa mkwe. Nilimwendea mwenye duka, nikamwomba tuwaandikie wateja kwamba aliyezoea kuwajibu yuko kwenye msiba.

"Tukisema vile, bantu batajua yeye njo sauti," alisema. "Akiondoka kesho, ataondoka na wateja. Mwongozo iko. Muufuate."

Mkwe aliufuata. Mke wa sajini alipoandika kwamba ameshika mimba, kwamba anaona damu, kwamba anaogopa na hajamwambia mtu, mkwe alianza kwa pole, akauliza amelala aje, akamshauri aende hospitali ya kambi siku ileile. Ushauri ulikuwa sahihi. Kila sentensi ilikuwa kama nilivyoagiza. Waliendelea hivyo siku kadhaa, mama akieleza yale ambayo mwanamke humweleza mwanamke mwenzake, mkwe akijibu kwa sauti ya duka.

Mimba haikutoka. Alipopata nguvu, mke wa sajini alipanda pikipiki hadi mjini, akiwa na kitenge kipya mkononi. Nilikuwa kaunta.

"Yaya iko wapi? Nimemuletea kitenge. Ameniokoa."

"Mama, yuko Kabongo. Amefiwa na mama yake. Hajarudi bado."

"Hapana, papa. Jana tulisemezana."

Mkwe alisimama kando ya rafu ya mikate, na mimi sikuwa na haki ya kutamka uongo kwa ajili ya duka. Nikamgeukia. Yeye mwenyewe akasema, macho yakiwa chini, "Ilikuwa minyi, mama. Tulitaka tu usikose jibu."

Mke wa sajini akamgeukia mwanaume yule.

"Weye? Bile byote, ilikuwa weye njo ulikuwa unasoma?"

Hakupaza sauti. Alikikunja kile kitenge kidogo sana, kana kwamba alitaka kukificha, akatoka. Wiki ile maagizo ya kambi yalikatika.

Mtunza kasha aliporudi, nywele zikiwa zimenyolewa kwa ajili ya msiba, alisoma mazungumzo yote tangu mwanzo. Hakumtukana mtu.

"Mukwe ameandika muzuri," alisema. "Hata minyi singejua kama haiko minyi."

Alimwandikia rafiki yake kwamba amerudi, kwamba sasa ni yeye kweli. Alama zilionyesha kwamba ujumbe umesomwa. Jibu halikuja. Na angeaminije? Hakuna neno ambalo mtunza kasha angeweza kuliandika ambalo sisi wawili hatukuwa tumefundishwa kuliandika.

Akaomba ruhusa ya kutuma ujumbe wa kurekodi. Mwenye duka akakataa, akitaja sharti. Mtunza kasha alichukua simu, akaenda nyuma ya tanuri, akarekodi. Niliisikia sauti yake kupitia mlango, nzito, imekauka kwa kilio cha Kabongo, ikimwita mwenzake kwa Kiluba, lugha ya kwao. Sikumzuia.

Rekodi ilifika. Katika akaunti ile, rekodi ikisikilizwa, alama ya maikrofoni hugeuka buluu. Kila asubuhi, kabla ya kufungua maagizo, niliitafuta kwenye kompyuta yangu. Mpaka siku nilipoacha kazi ile, ilikuwa bado ya kijivu.